Miaka minne kwenye foklifti, na bado wanataka kunipima

"Habari mwalimu. Nina miaka 28, niko Dar es Salaam. Nimeendesha foklifti ya tani 2.5 kwa miaka minne kwenye godauni la vifaa vya ujenzi. Alinifundisha opereta mwenzangu, na leseni ya udereva ninayo. Kampuni niliyoomba kazi inataka cheti cha umahiri, na wamesema hata nikiwa nacho watanifanyisha jaribio la vitendo. Kuna mtu ameniahidi cheti kwa siku mbili bila kuingia darasani. Hilo jaribio lina nini ambacho mimi sikijui? Na cheti hicho kitaniruhusu kupanda winchi pia?"

Mdogo wangu, huyo mtu wa siku mbili achana naye. Cheti kina namba, na mwajiri makini hupiga simu chuoni kuuliza namba hiyo ni ya nani na alipimwa kwenye mashine gani. Ukigundulika, kazi umekosa, na kughushi nyaraka ni kosa la jinai. Hata usipogundulika, wameshakuambia watakupima. Utakuwa umetoa pesa yako ili ukasimame mbele ya mtahini bila kujifunza kitu.

Nimeendesha mitambo bandarini na kwenye maghala, kisha nikawa mkufunzi na mtahini. Nakwambia ninachokiona: kuendesha peke yake ndiko huwaangusha wachache. Vijana waliotoka darasani hukata kona polepole, wanaangusha koni moja mbili, lakini wanapita. Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wenye uzoefu kama wako, ambao mikono yao ni myepesi ila hawajawahi kuulizwa mzigo ule una uzito gani na mashine ile inaweza kubeba nini. Kwenye godauni walilozoea mizigo ni ileile kila siku, hivyo swali halikujitokeza.

Leseni yako ya udereva ni kitu kizuri, kaa nayo. Lakini gari hubeba mzigo kati ya tairi zake. Foklifti hubeba mzigo nje ya tairi, mbele kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayozaa karibu kila swali la mtahini.

Weka ubao juu ya jiwe, watoto wawili wakae, mmoja kila upande. Kwenye foklifti jiwe ni ekseli ya mbele. Upande mmoja umekaa mzigo, upande wa pili umekaa uzito wa mashine yenyewe, pamoja na lile chuma zito lililofungwa nyuma. Mtoto mwepesi akisogea mwisho wa ubao humwinua mzito aliyekaa karibu na jiwe. Kwa hiyo unapouliza kama foklifti itaweza mzigo fulani, kujua kilo hakutoshi. Lazima ujue pia kitovu cha uzito wa mzigo kiko umbali gani kutoka kwenye ukuta wa uma, pale mzigo unapoegemea.

Angalia kibati kilichopigiliwa karibu na kiti cha foklifti yako. Kwa mashine ya tani 2.5, kwa kawaida kinasema kilo 2,500 kwenye milimita 500. Ile 500 ndiyo nusu ya jibu ambayo wengi hawaisomi. Maana yake mashine inabeba kilo 2,500 endapo kitovu cha mzigo kiko nusu mita kutoka kwenye ukuta wa uma, kama ilivyo kwa paleti yenye kina cha mita moja iliyopangwa sawasawa. Kitovu kikisogea mbele zaidi, kilo zinapungua. Uma ukipanda juu sana, zinapungua tena, na kibati huonyesha ni kiasi gani kwa kila kimo. Mashine ikifungwa kifaa cha ziada mbele, kama kile cha kubana marobota, inatakiwa iwe na kibati kingine.

Nikupe mfano ninaoupenda kuuweka kwenye jaribio. Kuna kreti ya mbao ndani yake mashine, imeandikwa kilo 2,000, urefu mita 1.6 na upana mita 1. Foklifti ni ya tani 2.5. Nimeisimamisha ili upande mfupi ndio unaokutazama, kwa hiyo ukiingiza uma, urefu wote wa mita 1.6 unakwenda mbele yako. Mwombaji anasoma 2,000, anasoma 2,500, anaona amebakiwa na kilo 500 za akiba, anainua.

Sasa tupige hesabu. Uzito wa mzigo umeenea sawa, kwa hiyo kitovu chake kiko katikati, milimita 800 kutoka kwenye ukuta wa uma. Tuseme kutoka ekseli ya mbele hadi ukuta wa uma ni milimita 450. Kibati kinaahidi kilo 2,500 zikiwa jumla ya milimita 950 kutoka ekseli, yaani 450 na 500. Zidisha, unapata 2,375,000. Hiyo ndiyo nguvu ya kubinua ambayo nyuma ya mashine inaweza kuihimili kwa usalama. Kreti yetu iko milimita 1,250 kutoka ekseli, yaani 450 na 800. Zidisha na kilo 2,000, unapata 2,500,000. Imezidi. Ukigawa 2,375,000 kwa 1,250 utaona kwamba kwa umbali huo mashine yako ya tani mbili na nusu ni mashine ya kilo 1,900 tu, na hiyo ni kabla hujainua mlingoti kwenda juu. Hesabu hii ni ya kukufanya uelewe. Kazini kinachoamua ni kibati na jedwali la mtengenezaji.

Nimewahi kumwona opereta mwenye uzoefu wa miaka kumi na moja akiinua kreti kama hiyo. Haikupinduka. Ilipanda, akaanza kurudi nyuma, akakata usukani na mashine ikachelewa kuitika. Foklifti hukata kona kwa tairi za nyuma, na tairi za nyuma zilikuwa zimekuwa nyepesi, karibu zinaelea. Nikamsimamisha. Akaniambia kwamba kule alikotoka jambo hilo lilimtokea mara nyingi, na walichokuwa wakifanya ni kumpandisha mtu mwenye mwili akae nyuma ya mashine. Alisema hivyo bila kuficha chochote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu yule ndiye wa kwanza kufa mashine ikibinuka.

Jibu sahihi la kreti ile ni rahisi. Unashuka, unaizunguka, unaangalia kama chini ina nafasi ya uma upande mrefu, kisha unaichukua kutoka huko. Sasa kina mbele yako ni mita moja, kitovu kiko milimita 500, na kilo 2,000 ziko ndani ya 2,500. Ikiwa upande mrefu hauna nafasi ya uma, jibu sahihi ni kusema, "Mwalimu, mzigo huu siuchukui kwa mashine hii." Anayesema hivyo kwangu anapata alama zote za sehemu hiyo. Na kama mashine iliyomo ndani imekaa upande mmoja wa kreti, ule uzito mkubwa ndio unaotakiwa kuwa karibu na ukuta wa uma.

Kupinduka kwa mbele kunatisha, lakini kupinduka kwa ubavu ndiko huchukua roho za maopereta. Foklifti nyingi za aina yako zina tairi nne, lakini husimama kama kigoda cha miguu mitatu: miguu miwili ni tairi za mbele, wa tatu ni pini iliyo katikati ya ekseli ya nyuma, ambayo ekseli hiyo huchezea juu yake. Chora mistari kuunganisha alama hizo tatu, unapata pembetatu iliyo pana mbele na nyembamba nyuma. Kitovu cha uzito wa mashine pamoja na mzigo kikibaki juu ya pembetatu, umesimama. Kikitoka, umelala. Ndiyo maana foklifti tupu inayokata kona kwa kasi ni hatari sana. Bila mzigo, kitovu kimerudi nyuma, kule pembetatu ilikobana. Wengi huamini kinyume chake, kwamba ukiwa mtupu unaweza kukimbia.

Mtahini atakuuliza pia utafanya nini ikianza kulala. Mwili wako utakuambia ruka. Usiruke. Mashine hulala haraka kuliko unavyoweza kutoka, na paa la chuma lililojengwa kukulinda ndilo litakalokubana chini. Unabaki kwenye kiti ukiwa umefunga mkanda, unashika usukani kwa nguvu, unakaza miguu sakafuni, unaegemea upande ulio kinyume na unakoangukia. Usipofunga mkanda mwanzoni mwa jaribio, mimi sihitaji kuona mengine.

Jaribio lenyewe huanza kabla hujapanda. Unaizunguka mashine: tairi na nati zake, mafuta ya haidroliki yaliyovuja sakafuni, minyororo ya mlingoti kama inavuta sawa pande zote mbili, pini zinazozuia uma kusogea, paa, kibati kama kinasomeka. Kwenye uma angalia zaidi pale unapopinda, kwenye kisigino, maana ufa huanzia hapo na ndipo panaposuguliwa na sakafu. Uma uliolika asilimia 10 ya unene wake unaondolewa kazini, kwa kuwa nguvu unayopoteza ni kubwa kuliko hiyo asilimia 10 inavyoonekana. Kisha unapanda, unajaribu honi, breki, usukani, unainua mlingoti na kuulaza mbele na nyuma ukisikiliza. Watahini wengi huharibu kitu kimoja makusudi, pini imechomolewa au honi haitoi sauti, ili waone kama unakagua au unaigiza kukagua.

Baada ya hapo utapitisha mashine tupu kati ya koni, mbele na kinyumenyume, na hapo ndipo mkia wa foklifti huwaumbua waliozoea gari, kwa sababu nyuma ndiko kunakofagia nje ya kona. Halafu mzigo. Unaukaribia ukiwa umenyooka, unasimama, unasawazisha uma, unaingiza hadi mwisho, unainua kidogo, unalaza mlingoti nyuma, unageuza kichwa na kutazama nyuma kabla ya kurudi, kisha unasafiri uma ukiwa sentimita 15 hivi kutoka sakafuni. Mzigo ukiziba macho, unaendesha kinyumenyume. Kwenye mteremko, mzigo unaelekea juu wakati wote: unapanda kwa mbele, unashuka kwa nyuma, na hukati kona ukiwa juu ya mteremko. Ukiwa mtupu ni kinyume chake, uma unaelekea chini. Mwisho utapanga mzigo juu ya mwingine au kwenye rafu na kuushusha tena, kisha utaegesha: uma umelala sakafuni, breki ya mkono, gia huru, injini imezimwa, ufunguo mkononi mwako.

Ukinisoma unaona karibu yote unayafanya. Basi nikutajie yatakayokuponza, kwa kuwa nimeyaona kwa watu wa miaka mingi. Ni kusafiri huku unainua mzigo ili kuokoa sekunde, kurudi nyuma kwa kutumia kioo badala ya kugeuza kichwa, kulaza mlingoti mbele mzigo ukiwa juu na bado haujafika juu ya mahali pake, na kushuka ukiacha uma hewani "kwa dakika moja tu". Mazoea haya hayatoki kwa kuyasoma. Jirekodi kwa simu ya mwenzako siku moja kazini, ukae uangalie jioni.

Kuhusu mwajiri anayetaka cheti na bado akupime, usidhani anakudharau. Cheti kinaeleza kwamba siku fulani, kwenye aina fulani ya mashine, mtu mwingine alikuona ukiiweza. Hakielezi unavyoendesha leo kwenye ghala lake lenye njia nyembamba na rafu ndefu. Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtwika mwajiri jukumu la kuwapa wafanyakazi mafunzo na kuhakikisha mahali pa kazi ni salama. Ajali ikitokea, kitu cha kwanza mkaguzi atakachoomba ni cheti cha opereta na kumbukumbu za ukaguzi wa mashine. Mwajiri asipokuwa navyo hana pa kusimama, na kampuni ya bima nayo itauliza maswali hayohayo. Kwa kazi za bandari kuna pia Mkataba namba 152 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1979, unaotaka mtambo wa kuinulia uendeshwe na mtu wa miaka 18 au zaidi mwenye uwezo na uzoefu unaohitajika, au aliye mafunzoni chini ya msimamizi.

Nchi nyingine zina utaratibu huohuo wa kumpima mtu upya. Ndugu zetu walioko Marekani wanaofanya kazi kwenye maghala wanajua kwamba kule mwajiri ndiye anayethibitisha opereta wake, anatakiwa kumtathmini angalau kila miaka mitatu, na lazima amrudishe mafunzoni baada ya ajali, baada ya kunusurika ajali, au akipewa aina tofauti ya foklifti. Kadi ya kampuni ya zamani peke yake haimtoshi mwajiri mpya.

Sasa winchi. Hapana, cheti cha foklifti hakikupandishi winchi, hata iwe ndogo. Na cheti cha winchi ya kwenye lori hakikupandishi winchi ya mnara wala ile inayotembea juu ya reli ndani ya kiwanda. Sababu ni ule ubao wa watoto, ila safari hii jiwe halikai mahali pamoja na ubao unarefuka ukiwa unafanya kazi. Winchi inayoitwa ya tani 50 hubeba tani 50 mzigo ukiwa karibu sana na kitovu cha mzunguko wake, miguu yake ya pembeni ikiwa imetandazwa yote. Ukiupeleka mzigo mbali mita 20, inabaki na tani chache tu. Kwa hiyo opereta wa winchi hukaa na jedwali la mtengenezaji, na sehemu kubwa ya jaribio lake ni kulisoma.

Tuseme mzigo ni tani 6, na jedwali linasema tani 6.4 kwa umbali uliopo. Inaonekana inapita. Lakini kwa kawaida jedwali huhesabu kila kinachoning'inia chini ya ncha ya mkono wa winchi. Ndoano na kapi zake zina kilo 400, mikanda na shako kilo 150. Jumla ni tani 6.55, imezidi. Tena mkono wa winchi hupinda kidogo ukipokea uzito, umbali unaongezeka, na uwezo unashuka wakati mzigo unanyanyuka. Ongeza udongo chini ya miguu: mguu mmoja ukizama sentimita chache, ncha ya juu kabisa inahama sana. Katika vitendo utapitisha mzigo kwenye njia ya kona bila kugusa nguzo, utautuliza unapobembea kwa kuufuata na mkono wa winchi, utaushusha ndani ya duara, na utafuata ishara za mikono za mtu mmoja tu aliyeteuliwa. Ishara ya kusimama pekee ndiyo unayoitii hata akiitoa mpita njia. Ukitaka kuelekea huko, anza kwa kujifunza kufunga mizigo na kupiga ishara, ukae mwaka mmoja chini ya winchi kabla hujakaa ndani yake.

Kuhusu njia ya kupata cheti, una chaguo la kozi fupi kwenye chuo kinachotambulika. VETA, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na Chuo cha Bandari ni mahali pa kwanza pa kuuliza ukiwa Dar es Salaam. VETA pia ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini, ambapo unapimwa na kufundishwa palipopungua. Nenda dirishani uwaulize kama kwa sasa wanaupokea kwa foklifti. Kwa mtu mwenye uzoefu wa miaka minne, njia hiyo ni nafuu kwa muda na pesa. Lakini kama mfano wa kreti ulikuwa mgeni kwako, mimi ningekushauri kozi kamili, ingawa utakaa darasani na watu ambao hawajawahi kushika usukani. Kabla ya kulipa, omba uonyeshwe mashine utakayopimwa nayo, na uulize cheti kitaandikwa aina gani ya foklifti na uwezo gani. Ile ya kusimama, inayofika kwenye rafu ndefu, ni mashine nyingine kabisa. Chuo kisicho na mashine uwanjani kipite.

Pia nenda ukapimwe afya kabla ya jaribio, hasa macho. Kwenye rafu ya mita tano unahitaji kupima umbali, na jicho moja likiwa dhaifu unaweza kuishi miaka bila kujua, hadi siku unapogonga nguzo uliyodhani iko mbali. Ukiwa na kifafa, kizunguzungu, au unatumia dawa zinazoleta usingizi, mwone daktari na umweleze kazi yako ni ipi. Hilo siwezi kukushauri kwa maandishi. Na ikiwa foklifti unayoendesha sasa haina kibati, au kimefutika, mwambie msimamizi wako wiki hii. Akipuuza, ofisi ya OSHA ya kanda hupokea taarifa za namna hiyo.